Mgeni na Mali Kauli

Katika masoko ya Dar es Salaam kuna neno moja linaloweza kumpandisha mtu au kumhamisha mji: mali kauli. Maana yake ni kuchukua mzigo leo bila kulipa, ukauuza, kisha ukapeleka fedha ya mwenyewe siku mliyopatana. Hakuna mkataba, hakuna rehani, hakuna aliyetia sahihi. Kilichowekwa ni kauli yako. Anayepewa mali kauli anaweza kuuza mzigo wa laki tatu akiwa na elfu hamsini mfukoni. Asiyepewa atauza wa elfu hamsini, basi.

Mgeni hapewi, na si kwa sababu watu wana roho mbaya. Aliyeshuka juzi kwenye basi akitokea Songea au Bariadi hana shangazi anayejulikana mtaani, hana aliyesoma naye, hana nyumba ambayo akitoroka atafuatwa. Mwenye mali akimtazama haoni ubaya wala wema wake. Kiswahili chenyewe kinatofautisha mambo haya vizuri: uaminifu ni wako, umekuja nao kutoka kwenu, kuaminiwa ni kwa wenzio, na huwezi kukupakia kwenye begi.

Watu hupenda kuwataja Wapemba wa maduka ya mtaani, au Wachaga ambao Dar nzima huwaita "Mangi", kuwa ni wageni waliofanikiwa mjini. Ni kweli wamefanikiwa, nami nawaheshimu. Ila wengi wao nyuma yao walikuwa na mjomba au kaka aliyekwisha tangulia, mwenye duka lake, aliyewapeleka kwa muuza jumla na kusema, "Huyu ni damu yangu." Makala hii ni ya yule asiye na mjomba.

Kwa mtu huyo, swali la kwanza la kuchagua biashara ni hili: mteja wangu wa kwanza akiniamini akakosea, atapoteza nini? Fundi simu mgeni anamwomba mteja amwachie simu ya laki tatu. Mshonaji mgeni anaomba kitambaa cha sare ya harusi, na harusi ni Jumamosi. Dalali mgeni anaomba fedha kabla ya kuonyesha chumba. Hao wote wanaweza kuwa mafundi wa kweli, lakini wamechagua biashara ambayo kuaminiwa ndiyo mlango wa kuingilia, na mlango huo mgeni hana ufunguo wake. Wanakaa miezi bila kazi huku wakidhani tatizo ni mtaji.

Upande wa pili ziko biashara ambazo mteja anaona kitu, anakigusa, anatoa shilingi mia tano na kuondoka nacho. Akidanganywa amepoteza mia tano. Karanga, vitumbua, kung'arisha viatu mtu akiwa amekaa hapohapo, mahindi ya kuchoma, maji baridi, mchicha. Faida yake ni ndogo, kila mtu anajua. Lakini zina jambo ambalo watu hawalitazami: mteja yuleyule anaweza kukujaribu mara 30 kwa mwezi, kila mara kwa hatari ya mia tano. Hakuna njia ya haraka zaidi ya mtu asiyejulikana kujulikana.

Mimi niliyaona haya kwa macho nilipokuwa nikipanga chumba Mbagala. Chumba cha pili kutoka changu alihamia kijana kutoka Kibondo, mkoa wa Kigoma. Mjini hakuwa na ndugu. Aliyemwalika alikuwa amezima simu. Alikuwa na shilingi 80,000 baada ya kulipa kodi. Alichagua mayai ya kuchemsha, nikafuatilia hesabu zake kwa sababu jioni tulikaa baraza moja na daftari lake lilikuwa wazi. Bei nitakazotaja ni za wakati ule. Zako zitakuwa nyingine, lakini uwiano wake hausogei sana.

Alinunua jiko dogo la mkaa na sufuria kwa 25,000, ndoo yenye mfuniko kwa 7,000, na trei mbili za mayai kwa 9,000 kila moja. Trei ina mayai 30. Nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu, chumvi na mkaa vilimla 5,000. Jumla 55,000. Akabakiza 25,000 ambazo hakuzigusa, na huo ndio uamuzi ambao baadaye ulimwokoa.

Siku ya kwanza alichemsha trei moja, akasimama karibu na kituo cha daladala cha Rangi Tatu kuanzia saa kumi na moja jioni. Aliuza mayai 22. Yaliyobaki manane aliyarudisha nyumbani na kutugawia wapangaji usiku uleule. Nilimwambia angeyauza kesho asubuhi. Akanijibu, "Kaka, yai lililochemshwa jioni, kwa joto hili, kesho silijui lina nini. Nikiliuza nitakuwa natafuta bahati." Alipoteza 4,000 za mauzo. Kwa mtu mwenye 25,000 tu hizo ni nyingi, na ndiyo maana nilianza kumwangalia kwa makini.

Yai linafaa sana kujengea jina kwa sababu ndani yake halionekani. Mteja hajui kama ni zima au ni viza mpaka limenduliwe, kwa hiyo kila yai ni mtihani wa muuzaji. Kijana alikuwa na ndoo ya maji nyuma ya chumba. Kabla ya kuchemsha aliyatumbukiza mayai yote. Yai jipya hulala chini ubavu. La siku nyingi husimama wima likiwa limegusa chini. Linaloelea hutupwa bila kujadiliana. Sababu yake ni rahisi: ganda lina vinyweleo visivyoonekana, maji ya ndani yanapungua siku hadi siku, hewa inachukua nafasi upande ule butu, na yai linazidi kuwa jepesi. Aliyajaribu yale tu anayokwenda kuyachemsha, kwa sababu maji huondoa utando unaolinda ganda, na yai lililooshwa likiwekwa akiba huharibika mapema.

Kisha alijifunza jambo ambalo lilimshangaza: yai jipya kabisa, la leo asubuhi, linamwaibisha muuzaji. Ute wake unang'ang'ania ganda, na ukilimenya linatoka limechunika kama lililotafunwa. Yai la siku nne au tano linamenyeka safi. Tena ukilitia kwenye maji yanayochemka tayari, badala ya kulianzishia maji baridi, ganda linaachia vizuri zaidi. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Ukipitiliza sana, kiini kinavikwa duara la rangi ya kijani kibichi. Duara hilo halina madhara, ni chuma cha kwenye kiini kimekutana na salfa ya kwenye ute, lakini mteja akiliona anaamini umemuuzia yai bovu, na hutakuwapo nyumbani kwake kumweleza.

Kwa hiyo kijana alimenya kila yai mbele ya mteja, akalipasua katikati kwa kisu, akalionyesha kabla ya kutia kachumbari. Likiwa na shaka yoyote, hata ya rangi tu, alilitupa na kumenya jingine bila mteja kusema neno. Wiki ya kwanza alitupa matatu. Mteja mmoja, kondakta wa daladala, alimuuliza kwa nini ametupa yai ambalo yeye angelila. Alimjibu tu kwamba halimpendezi. Kondakta yule akawa anarudi kila jioni, na kondakta hujulikana na watu wengi kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Kilichofanya kazi kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hakikuwa mayai. Alisimama mahali palepale, saa ileile, siku sita za wiki, mvua ikinyesha au isinyeshe. Anayetembeza bidhaa anaweza kuuza zaidi kwa siku moja, lakini kila jioni anaanza kuwa mgeni upya. Anayesimama nguzo moja, baada ya wiki tatu watu wanaanza kumwachia mzigo amwangalizie, kumuuliza basi la Mkuranga limepita, kumwachia chenji watakayoichukua kesho. Mambo hayo hayana faida kwenye daftari. Lakini kila moja ni mtu anayekuamini kidogo bila mwenyewe kujua kwamba ameanza.

Katika mwezi wa kwanza alifanya pia mambo ya karatasi, na hayo yasipuuzwe. Alikwenda kwa mjumbe wa shina, akajitambulisha, mjumbe akampeleka serikali ya mtaa, jina lake likaandikwa kwenye daftari la wakazi. Alipima afya kama wanavyotakiwa wauza chakula. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa namba yake ya NIDA, kwa hiyo mteja akimlipa kwa simu jina kamili linatokea kwenye skrini. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mtu akiona jina lililotokea ni lilelile unalojiita, amekuthibitisha bila kukuhoji. Ikiwa unatumia laini ya rafiki, kila malipo yanatangaza kwamba wewe si wewe.

Baada ya wiki sita alikuwa anachemsha trei mbili kwa siku. Mayai 60, mawili yakipasuka au kutupwa, 58 kwa mia tano ni 29,000. Toa 18,000 za mayai na 3,500 za mkaa na kachumbari, ikabaki 7,500. Akitoa chakula na kodi aliweka akiba kidogo, mpaka akafikisha mtaji wa 70,000. Hapo ndipo wengi hukwama kwa miaka. Kituo kile hakikuweza kula zaidi ya trei mbili, na kuongeza ndoo ya pili kulihitaji mtu wa kumlipa.

Wateja wake wenyewe ndio waliompa hatua ya pili. Wauza chipsi wawili wa jirani walikuwa wakinunua kwake mayai mabichi yalipowaishia usiku, maana chipsi mayai, ile ambayo vijana wa Dar huiita zege, haifanyiki bila yai na mteja mwenye njaa hasubiri. Wakamuuliza kama anaweza kuwaletea kila asubuhi. Walishamwona akitupa mayai, kwa hiyo walikuwa wamekwisha mkagua kwa wiki sita bila yeye kuomba kazi.

Akamtafuta mfugaji. Upande wa Chamazi na kuendelea Mkuranga kuna watu wengi wanaofuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba zao. Alimpata mama mmoja mwenye kuku wapatao 500. Kuku wa kisasa huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na kundi zuri likikolea, kuku 80 katika kila 100 hutaga kwa siku. Kuku 500 ni mayai 400, yaani trei 13 na kidogo. Kesho yake nyingine 13. Mfugaji ana shida ambayo haimngoji: chakula cha kuku kinanunuliwa kila wiki, na mayai yanarundikana sebuleni. Wanunuzi wakubwa huja siku wanayotaka na kutaja bei wanayotaka. Mtu atakayekuja kila asubuhi, bila kukosa, hata akichukua kidogo, anamwondolea mfugaji wasiwasi ambao fedha pekee haiuondoi.

Mama yule alimuuzia trei kwa 8,000, naye aliwapelekea wauza chipsi kwa 8,700, chini ya bei ya dukani. Faida 700 kwa trei. Sasa tazama hesabu, kwa sababu hapa ndipo mali kauli inapoonyesha uzito wake. Kwa 70,000 zake aliweza kununua trei 8, zikampa 5,600. Bodaboda kutoka Chamazi ilimla 4,000, na mayai manne yaliyopasuka njiani yalimla kama 1,100. Ikabaki 500. Asubuhi nzima, mbio, jasho, shilingi 500.

Bodaboda ileile ingeweza kubeba trei 20 kwa 4,000 zilezile. Trei 20 ni 14,000. Toa usafiri, toa mayai kumi ya kupasuka, inabaki kama 7,300. Lakini trei 20 zinahitaji 160,000, naye anazo 70,000. Pengo ni 90,000. Benki haitamsikiliza. Kikoba cha mtaani kilimtaka awe na wadhamini wawili walio wanachama, na alikuwa na miezi miwili tu mtaani. Mikopo ya halmashauri ya vijana inataka kikundi, na kikundi kinataka watu wanaojuana. Aliyebaki wa kumpa 90,000 ni yule mama mwenye mayai, kwa njia ya trei 12 za kauli.

Kosa la wageni wengi ni kuliomba jambo hili mapema, tena kwa maneno. "Mama niamini, mimi si mtu wa hivyo." Maneno hayo yanafanana neno kwa neno na ya matapeli, kwa hiyo hayamsaidii mkweli hata kidogo. Kijana hakuomba. Kwa wiki tatu alinunua taslimu trei 8 kila siku akipata 500, akiishi kwa mayai ya jioni. Alifika kabla ya saa moja. Alirudisha trei tupu akiwa amezipanga na kuzifuta, jambo ambalo wanunuzi wengine hawakulifanya, na trei tupu ni fedha kwa mfugaji. Siku moja alihesabu akakuta mama amezidisha trei moja. Akairudisha.

Wiki ya nne mama alikuwa na mayai ya ziada kwa sababu mnunuzi wake mkubwa hakutokea. "Mwanangu," akamwambia, "chukua na hizi mbili, utaniletea kesho." Kijana akajibu, "Sawa mama, kesho kabla ya saa moja," akachukua mbili. Nadhani angetaka nne angeziharibu zote. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu 16,000 zilikuwa mkononi mwa mama kabla hata hajasalimiana vizuri na mbwa wa nyumba ile.

Kuanzia hapo wakaingia kwenye utaratibu ambao ndio kiini cha mali kauli nzuri: unalipa ya jana, unachukua ya leo. Deni halivuki siku moja. Kwa mama, hatari yake haikuwa kiasi cha trei zote za mwezi, ilikuwa asubuhi moja tu. Kijana asipotokea kesho, mama amepoteza mzigo wa siku moja na amejua mapema. Kwa kijana, kesho ilikuwa na thamani kuliko kutoroka na ya leo. Trei mbili zikawa nne, nne zikawa saba, kisha kumi na mbili. Ilichukua kama miezi miwili na nusu. Kila mmoja aliandika kwenye daftari lake, na asubuhi walisomeana. Madaftari mawili yakitofautiana, walihesabu palepale, deni likiwa bado bichi.

Upande wa pili wa barabara hakuwa hodari kiasi hicho, na lazima niseme, kwa sababu mgeni hudanganywa kwa njia yake maalumu. Alipoanza kupeleka mayai, muuza chipsi wa tatu alimjia mwenyewe, akataka trei tatu kwa mkopo mpaka Jumamosi. Hakubishania bei hata shilingi. Hakupasua hata yai moja kuangalia. Kijana alifurahi: amepata mteja, tena bila kumtafuta. Jumamosi kibanda kilikuwa kimefungwa, na majirani wakamwambia kwamba wauza mayai wengine wawili wanamtafuta mtu huyohuyo. Ikapotea 26,100.

Mtu wa kwanza kumkopa mgeni, mara nyingi, ni yule ambaye wenyeji wamekwisha mnyima. Anamwendea mgeni kwa sababu mgeni hajui habari zake. Dalili zake hazifichiki ukizijua: anataka kingi siku ya kwanza, hajali bei kwa kuwa hana nia ya kuilipa, na anaweka siku ya malipo mbali. Mteja wa kweli hubisha, hupunguza, hujaribu trei moja kwanza. Tangu siku ile kijana aliwapa wauza chipsi sharti lilelile alilopewa na mama: trei moja tu ya kauli, ya jana kwanza ndipo ya leo. Mmoja alikasirika na kumhama. Wanne walibaki. Na kabla ya kumpa yeyote, alipita jioni kuuliza kwa muuza mkaa wa pale jirani, kwa sababu muuza mkaa anajua kila muuza chipsi anayelipa na asiyelipa.

Kisha ikaja ajali. Njia ya Chamazi ina mashimo, mvua ilikuwa imenyesha, bodaboda ikalala ubavu. Trei sita zikaisha, 48,000, zote zikiwa za kauli. Akiba yake, ikiwamo ile 25,000 ya mwanzo aliyokuwa akiirejesha kila alipoichota, ilikuwa 31,000.

Mtu mzima yeyote aliyewahi kufanya biashara anajua kishawishi cha saa ile: kuzima simu siku mbili, ukatafuta fedha kwanza, ukarudi ukiwa safi. Inaonekana ni heshima. Kwa mwenye mali ni sawasawa na kutoroka, maana siku mbili za kwanza za mtoro na siku mbili za mwenye aibu hazina tofauti. Kijana alimgeuza dereva palepale. Walirudi kwa mama na ndoo ya mayai yaliyopondeka, saa mbili asubuhi, kabla wauza chipsi hawajaanza kupiga simu. Akasema kilichotokea, akaweka mezani 24,000, akasema nyingine 24,000 atalipa 4,000 kila siku kwa siku sita, juu ya malipo ya kawaida. Hakuomba kusamehewa deni. Akiba nyingine alibaki nayo, ili biashara isisimame. Kama angetoa yote, angelipa deni na kukosa njia ya kulimalizia.

Mama hakumkumbatia. Alinyamaza, akaenda kutazama kuku, akarudi. Akapunguza kauli kutoka trei 12 hadi 4. Nadhani alifanya sawa, na kijana alifikiri hivyohivyo. Kwa siku sita alileta 4,000 zake, kila siku, hata ile Jumapili ambayo hakuwa na biashara. Siku ya saba mama alipanga trei 12 mlangoni bila kusema kitu. Mwezi uliofuata akamwunganisha na mfugaji mwingine, dada yake wa kanisani, kwa maneno ambayo kijana hakuwahi kuyasema kuhusu nafsi yake: "Huyu hata mayai yakipasuka anakuja."

Nilihama Mbagala, lakini tunasalimiana kwa simu. Mwaka jana alitaka kupanua kazi upande wa pili wa mji, Tegeta, ambako alisikia wauza chipsi ni wengi na wafugaji wapo Bunju. Alikwenda akiwa na madaftari mawili yaliyojaa na rekodi za malipo ya simu za miezi mingi. Mfugaji wa kule aliyatazama madaftari kwa adabu, akasema ni mazuri, akauliza: "Huku nani anakujua?" Kijana akampa namba ya mama wa Chamazi, mfugaji akapiga, wakaongea dakika tano. Simu hiyo ilimpunguzia muda, haikumfutia: mfugaji alikubali kumwekea mayai kila Jumatatu na Alhamisi, jambo ambalo asingemfanyia mtu asiye na wa kumtaja. Kauli hakumpa.

Akanunua trei mbili, taslimu, akaulizia kituo cha daladala kilipo.